Somo: Kusoma saa za Kiitaliano kwenye ratiba na kuzigeuza kuwa saa zetu

Wiki hii peke yake watu wanne wameniuliza kwa ujumbe, "15:10 ni saa ngapi yetu?" Naandika yote hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili. Nimeishi Bologna miaka kumi na moja, na treni na mabasi ndiyo miguu yangu.

Hatua ya 1. Tafuta karatasi sahihi. Stesheni, karatasi ya njano ni Partenze (zinazoondoka), nyeupe ni Arrivi (zinazofika).

Hatua ya 2. Geuza saa, dakika usiziguse.

Kuanzia 00 hadi 06, jumlisha 6.
Kuanzia 07 hadi 18, toa 6.
Kuanzia 19 hadi 23, toa 18.

Tuchukue mfano, nimeutunga mwenyewe kwa hiyo msiutafute ubaoni. Treni inaondoka 17:52 na kufika 20:07. Kumi na saba toa sita ni kumi na moja, basi inaondoka saa kumi na moja na dakika 52 jioni. Ishirini toa kumi na nane ni mbili, basi inafika saa mbili na dakika saba usiku. Ukiona umepata saa kumi na nne, ujue umetoa 6 mahali pa kutoa 18.

Kando ya hizo saa mbili simu itakuonyesha pia "2h 15min". Huo ni muda wa safari, haugeuzwi. Ni saa mbili na robo za kukaa kwenye kiti. Nalisema hili kwa sababu Kiswahili chetu kinatumia neno moja, saa, kwa yote mawili, na nimeona mtu akitoa sita hata kwenye urefu wa safari.

Hatua ya 3. Ukitaka kusema "kasoro", geuza kwanza. 17:52 ni saa kumi na moja na dakika 52, halafu ndipo useme saa kumi na mbili kasoro dakika nane. 18:45 ni saa kumi na mbili na dakika 45, yaani saa moja kasoro robo. Anayeanza na kasoro kabla ya kugeuza hupotea saa nzima.

Hatua ya 4. Saa zinazoanza na 00, 01, 02 na 03. Someni hapa polepole.

Mwaka wangu wa pili hapa nilikata tiketi ya basi la usiku kwenda kusini. Iliandikwa *domenica 14, ore 00:20*. Domenica ni Jumapili, hilo nililijua. 00:20 nikaigeuza bila kosa: saa sita na dakika 20 usiku. Basi Jumapili nikashinda kazini, jioni nikafunga begi, na saa tano na nusu usiku nikawa kituoni. Kijana wa dirishani akaitazama tiketi akaniambia basi langu liliondoka usiku wa kuamkia leo. Hakukosea. Nililipa tiketi nyingine kwa bei ya dakika za mwisho, na shughuli ya familia niliyokuwa naiendea nikaikuta imekwisha.

Hesabu yangu ya saa ilikuwa sawa, kilichonipoteza ni siku. Kwa Mwitaliano Jumapili inaanza 00:00, pale tunaposema saa sita kamili usiku. Kwa hiyo 00:20 ya Jumapili ndiyo dakika ya ishirini ya Jumapili, wakati wewe bado unaiita Jumamosi usiku kwa sababu hujalala. Kwa Kiswahili kisicho na shaka ni *usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa sita na dakika 20*.

Tangu siku ile, nikiona saa inayoanza na 00 hadi 03, kwenye kalenda naandika "kuamkia" na majina ya siku mbili. Na sitoki nyumbani siku iliyoandikwa kwenye tiketi, natoka jioni ya siku iliyotangulia. Ukimkatia mtu tiketi, mwandikie hivyohivyo. Usimwambie "Jumapili saa sita usiku", maana atakwenda Jumapili usiku kama mimi.

Hatua ya 5. Kusikia tangazo. Usijaribu kushika kila neno. Subiri *delle ore*, saa inafuata hapo, kisha subiri *binario*, namba ya njia inafuata hapo. Mfano: *delle ore sedici e trentacinque … al binario tre*. Sedici ni 16, trentacinque ni 35, njia ya tatu.

Masikio yetu yanakwama zaidi kati ya 11 na 19. Kuanzia undici (11), dodici, tredici, quattordici, quindici hadi sedici (16), "dici" iko mwishoni. Kuanzia diciassette (17), diciotto hadi diciannove (19), inahamia mwanzoni. Kwa hiyo "dici" ikitangulia, ni 17, 18 au 19 tu. Wengi huchanganya due (2) na dodici (12), sei (6) na sedici (16), tredici (13) na sedici (16). Kama hukusikia vizuri, tazama ubao.

Hatua ya 6. Quattro na quarto. Quattro ni nne. Quarto ni "ya nne" na pia ni robo, kwa sababu Waitaliano sehemu za namba huziita kwa maneno ya mpangilio: un terzo ni thuluthi, un quarto ni robo, un ottavo ni thumuni. Nusu peke yake ina jina lake, mezzo au mezza. Njia za treni huhesabiwa kwa namba ya kawaida, *binario quattro*. Daraja la kiti ni kwa mpangilio, *prima classe*, huandikwa 1ª, na *seconda*, 2ª. Kaherufi hako kadogo juu ya namba maana yake ni "ya kwanza", "ya pili", na siyo nyuzi joto. Tarehe ni za kawaida, isipokuwa ya kwanza ya mwezi: *il primo maggio*, lakini *il due maggio*.

Hatua ya 7. Tazama siku. *Feriale* ni siku ya kazi, Jumatatu hadi Jumamosi, alama yake nyundo mbili zilizopishana. *Festivo* ni Jumapili na sikukuu, alama yake msalaba. Feriale inafanana na *ferie*, likizo, na hapo ndipo watu hudanganyika.

MASWALI

Baraka_Torino: Naomba msaada mkuu, tiketi yangu imeandikwa 16:35, ni saa ngapi?

Jibu: Hatua ya 2. Kumi na sita toa sita.

MwanaMalindi: Shukrani kwa somo. Mimi natembeza wageni Waitaliano huku Malindi. Juzi mmoja aliniambia tuonane *alle sette e tre quarti*. Nikajua quarto ni robo, nikaja saa moja na robo, nikangoja nusu saa. Nilikosea wapi?

Jibu: Neno ulilijua, ila *tre* ilikuponyoka. Tre quarti ni robo tatu, dakika 45. Sette e tre quarti ni 7:45, kwetu saa mbili kasoro robo asubuhi. Wakati huohuo utausikia kwa sura nyingine mbili: *le otto meno un quarto*, nane kasoro robo, na *manca un quarto alle otto*, imebaki robo ifike nane. Zote ni 7:45. Na mdomoni hawatumii saa 24 kama ubaoni. Mgeni akisema *alle otto* muulize *di mattina o di sera?*, asubuhi au jioni. *Mezzogiorno* ni saa sita mchana, *mezzanotte* ni saa sita usiku, na *mezzogiorno e mezzo* ni saa sita na nusu mchana.

BintiWaUnguja: Mwanangu, hatua ya 4 umeipatia, ila sisi wa pwani tungesema "usiku wa Jumapili" na tukamaanisha usiku huohuo, kwani siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua.

Jibu: Shikamoo bibi. Kwa hesabu hiyo nisingelikosa basi. Naogopa kitu kimoja tu: basi la Jumamosi saa 21:00. Kwa pwani huo tayari ni usiku wa Jumapili, na kwa Mwitaliano ni Jumamosi bado. Ndiyo maana nang'ang'ania "kuamkia" kwa saa zilizopita saa sita usiku peke yake, ili wa bara na wa pwani waelewe kitu kimoja.

BintiWaUnguja: Marahaba. Hapo sawa.

Dulla_MI: Umekosea bwana. 20:30 mwezi wa sita huku Milano jua linawaka. Utasemaje saa mbili na nusu USIKU?

Jibu: Sijakosea. Milano mwezi wa sita jua linatua kama 21:15, na Desemba kama 16:40. Saa zetu zimetoka kwenye jua la ikweta, ambalo halihamihami hivyo. Ukianza kufuata jua la Milano, utabadilisha hesabu kila wiki na treni itakuacha. Neno "usiku" hapo linakutenganisha na saa mbili na nusu ya asubuhi, halikuelezi kama nje kuna mwanga. Ukitaka sema jioni, ila namba ibaki.

Neema_Roma: Nikimpigia mama Dodoma natoa sita pia?

Jibu: Hapana, hayo ni mambo mawili. Kutoa sita ni kubadili lugha. Tofauti ya Dodoma na Roma ni saa 2 majira ya baridi na saa 1 majira ya joto, yaani kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Januari, 14:05 ya Roma ni 16:05 ya Dodoma. Sasa ndipo ugeuze: saa kumi na dakika tano jioni. Kwanza safiri, kisha tafsiri.

Kiboko77: Na bei? Nimeona samani 1.250 nikafurahi ni euro moja na kitu.

Jibu: Kwao nukta hutenga elfu na mkato hutenga senti. 1.250 ni elfu moja mia mbili hamsini, na 12,50 ni kumi na mbili na senti hamsini. Ila kwenye saa nukta ni nukta ya saa tu: *ore 8.30* ni saa mbili na nusu. Sokoni, *un etto* ni gramu 100, na *mezzo chilo* ni nusu kilo.

Mwalimu_Pendo: Swali la pembeni. Je, Waitaliano hawakuwahi kuhesabu kama sisi, kwa kufuata jua?

Jibu: Waliwahi! Asante kwa kuuliza. Kwa karne nyingi walikuwa na *ora italica*: siku iliisha jua lilipotua, na saa moja ilikuwa saa ya kwanza baada ya hapo. Bibi yetu wa Unguja angeelewana nao papo hapo. Wao hawakuanza upya alfajiri kama sisi, waliendelea hadi 24. Saa kubwa ya namna hiyo ipo hadi leo ndani ya kanisa kuu la Firenze, uso wake ulichorwa na Paolo Uccello mwaka 1443. Ina mshale mmoja, namba 24, na inazunguka kinyume na saa zetu.

Mwalimu_Pendo: Jumamosi nitakuwa Firenze, nafika 11:48, saa sita kasoro dakika 12. Nitaiona wapi?

Jibu: Umegeuza sawasawa. Ukishaingia kanisani geuka nyuma, iko juu ya mlango mkuu, upande wa ndani.