Ukurutu kwenye baridi ya kwanza: anza na chumba, kisha bafu, kisha nguo

Wengi wanaonijia katika majira yao ya kwanza ya baridi wakiwa na ukurutu uliowaka, au pumu ya ngozi kama wengine wanavyouita, huilaumu hewa ya nje. Nikiwauliza wako nje saa ngapi kwa siku, husema moja, labda mbili. Saa zilizobaki wako ndani, penye hita, na huko ndiko ngozi yao inakokaushwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chumbani, na dawa ya kupaka inakuja karibu na mwisho.

Nitatumia mfano wa mgonjwa mmoja. Ni dada wa miaka 27, mweusi, aliyekuwa na ukurutu utotoni, ukatulia miaka mingi, kisha ukarudi miezi miwili baada ya kuhamia nchi ya baridi. Viwiko kwa ndani, nyuma ya magoti na shingo vilikuwa vigumu, vya kijivu, vikiwasha usiku. Anaoga maji ya moto mara mbili kwa siku, kwa sabuni ya kuua vijidudu na dodoki. Chumba anakiweka kwenye nyuzi 25, na sweta la sufu analivaa juu ya fulana ya mikono mifupi.

Hatua ya 1: Pima hewa ya chumba

Nunua kipima unyevu kidogo cha mezani. Kiweke mbali na hita na dirisha, ukisome asubuhi na usiku. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Cha dada huyu kilionyesha 17, na hesabu yake ni rahisi. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 0 na unyevu wa asilimia 80 hubeba takribani gramu 4 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa hadi nyuzi 25, maji ni yaleyale gramu 4, ila sasa hewa hiyo ina nafasi ya gramu 23. Nafasi iliyobaki hujazwa na chochote chenye maji kilichomo chumbani, na ngozi yako ni kimojawapo. Ngozi ya mwenye ukurutu ina upungufu wa mafuta yanayoziba kati ya seli, kwa hiyo hupoteza maji haraka kuliko ya mwenzake.

Jambo la kwanza ni kushusha joto. Hewa ileile kwenye nyuzi 18 husoma asilimia 25 badala ya 17, nawe hujatumia chochote. Nyuzi 18 kwa kulala zinatosha ukiwa na blanketi, na mwili usiotoka jasho usiku hauwashi sana.

Bado asilimia 25 ni kavu. Hapa watu huweka bakuli la maji juu ya hita, na sipendi kuwavunja moyo, lakini piga hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 30. Ikiwa nusu ya hewa yake hubadilika kila saa, kukifikisha kwenye asilimia 40 na zaidi kunahitaji kama gramu 50 za maji kwa saa, yaani zaidi ya lita moja kwa siku. Bakuli haliwezi. Mashine ya kuongeza unyevu inaweza, mradi uioshe na kubadilisha maji yake kila siku. Kuanika nguo chumbani nako husaidia, ila uwe macho na kioo cha dirisha: kikitiririka maji kila asubuhi, au kipimo kikipita 60, umezidisha. Ukungu na utitiri wa vumbi hupenda unyevu huo, na vyote viwili huchokoza ukurutu.

Kama chumba ni cha pamoja na joto hulipangi wewe, sogeza kitanda mbali na hita, kisha tilia nguvu hatua mbili zinazofuata.

Hatua ya 2: Punguza sabuni, si kuoga

Oga mara moja kwa siku, maji ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10. Maji ya moto hutuliza muwasho kwa muda ule uliomo bafuni tu, halafu huurudisha ukiwa mkali zaidi, kwa kuwa yameondoka na mafuta ya ngozi.

Sabuni ya kipande, hata ile laini ya watoto, kwa kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Ngozi hutaka karibu na 5. Ikisukumwa juu, vimeng'enya vinavyokata viungio vya seli za juu huchangamka, na ukuta wa ngozi hubomoka mapema. Penye joto na unyevu wa kutosha ngozi ilimudu kujirekebisha kati ya kuoga na kuoga. Kwenye hewa ya asilimia 17 haipati nafasi hiyo, ndiyo maana sabuni uliyoitumia miaka yote bila shida inaweza kukugeuka sasa.

Tafuta kiosheo kilichoandikwa hakina sabuni na hakina harufu. Epuka chenye SLS, yaani sodium lauryl sulfate, kemikali inayofanya povu jingi. Neno "asilia" kwenye chupa halikuhakikishii lolote, maana mafuta ya maua ni ya asili na bado huwasha. Kitumie kwapani, kinenani na miguuni tu, mikono na mwili mwingine uoshwe kwa maji. Dada yetu alibisha kwamba hatajisikia msafi. Nilimwomba ajaribu wiki mbili, na dodoki akalitupa siku hiyohiyo. Shampuu nayo ioshewe kichwa ukiwa umeinama, isikutiririkie mgongoni.

Kwa maji magumu, yanayoacha unga mweupe ndani ya birika, tahadhari huongezeka: sabuni haisuuziki vizuri, mabaki hubaki mwilini. Nguo nazo zisuuzwe mara mbili, na usitumie kilainishi chenye manukato.

Hatua ya 3: Mafuta mengi, mara moja ukitoka bafuni

Jikaushe kwa kugandamiza taulo, usisugue. Acha ngozi na unyevu kidogo, upake ndani ya dakika 3. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuleta losheni. Losheni sehemu kubwa ni maji, na kwenye chumba kikavu maji hayo huruka, ukabaki na kidogo sana. Tumia mafuta ya mgando au krimu nzito isiyo na harufu. Krimu asubuhi, kwa sababu haichafui nguo, na mgando usiku, ndiyo mpangilio ambao watu huweza kuufuata. Mafuta ya zeituni nayaweka kando, kwani hudhoofisha ukuta wa ngozi hata kama yanaiacha iking'aa.

Kiasi ndicho kinachowashangaza watu. Mtu mzima akipaka mwili mzima mara moja hutumia kama gramu 30, sawa na vijiko viwili vya mezani. Mara mbili kwa siku ni gramu 420 kwa wiki. Kopo la nusu kilo likikumalizia miezi miwili, unapaka kidogo mno. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole, usije ukaingiza vijidudu koponi. Paka kufuata mwelekeo wa vinyweleo, kutoka juu kwenda chini, la sivyo vitaziba na kutoa vipele.

Onyo moja la lazima: nguo na shuka zilizonyonya mafuta haya zikishika moto huwaka haraka sana. Kaa mbali na sigara, mishumaa na hita ya moto wa wazi.

Hatua ya 4: Panga nguo kwa tabaka

Kinachogusa ngozi kiwe pamba laini, cha mikono mirefu, chenye shingo ya kukinga skafu. Sufu ni nzuri kwa joto, ivae juu ya pamba. Nyuzi zake nene huchoma ngozi, na hilo si suala la mzio. Kwa dada huyu muwasho wa shingo ulitokana na ukosi wa sweta peke yake.

Tatizo la pili ni jasho. Umevaa kwa ajili ya kituo cha basi, kisha unaingia kwenye basi lililopashwa joto ukiwa na koti limefungwa hadi kidevuni. Vaa tabaka tatu nyembamba badala ya moja nene, na fungua la juu mara unapoingia, kabla jasho halijatoka. Pamba iliyolowa jasho hubaki baridi na kukwaruza, kwa hiyo beba fulana ya kubadilisha.

Hatua ya 5: Zima ukurutu uliokwisha kuwaka

Mafuta hayazimi ukurutu mkali. Hapo hutumika krimu ya steroidi kwa ushauri wa daktari: kwa kawaida haidrokotisoni asilimia 1 usoni, na yenye nguvu zaidi, mfano betamethasoni, mwilini. Kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza. Hiyo ni nusu gramu, na hutosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole. Viwiko na magoti ya dada yetu vilikuwa kama viganja vinne, kwa hiyo vipimo viwili, gramu 1, mara moja kwa siku. Acha kama nusu saa kati ya steroidi na mafuta.

Uache lini? Kwenye ngozi nyeusi swali hili huleta makosa mengi. Pitisha kidole: ngozi ikiwa laini na haiwashi, ukurutu umezimika. Doa jeusi au jeupe linalobaki ni alama tu, nayo huchukua miezi kufifia. Ukiendelea na steroidi ili kulifukuza doa, utaipunguza ngozi unene. Krimu za kung'arisha ngozi ni hatari zaidi, kwani baadhi zina klobetasoli, steroidi kali mno, bila kuitaja kwenye lebo. Dada yetu alitumia dawa siku 10, na muwasho wa usiku uliisha kabla hazijatimia. Madoa bado anayo.

Wakati wa kumwona daktari

Kwenye ngozi yetu ukurutu mara nyingi hauonekani mwekundu, huwa wa kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, wakati mwingine vipele vidogo kwenye vinyweleo. Piga picha kwenye mwanga wa mchana kabla ya kupaka mafuta, na mweleze daktari rangi ya kawaida ya ngozi yako, asije akaudharau ukali wake.

Ukurutu ukitoa majimaji na magamba ya manjano, huenda bakteria wameingia. Kama wenzako wa chumba nao wanajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, fikiria upele wa kuambukiza, ambao mafuta hayautibu. Na vikizuka ghafla vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, vinavyouma, pamoja na homa, hicho kinaweza kuwa kirusi cha hepesi kilichosambaa juu ya ukurutu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na kama viko karibu na jicho usisubiri hata saa.