Uso uliobandikwa ukitetemeka, tuliza alama zake kwanza
Kwa wenzangu wa Kampala mnaobandika uso wa mwigizaji, kwa ridhaa yake, juu ya uso wa anayemwakilisha kwenye matukio ya hatari: msilainishe video iliyokwisha kutoka, lainisheni alama za uso kabla ya kubandika. Programu hutafuta alama hizo, yaani sehemu za macho, pua na mdomo, upya katika kila fremu, na kosa la pikseli moja au mbili linatosha kuutikisa uso mzima. Basi nafasi ya kila alama iwe wastani wa fremu 5: yenyewe, 2 kabla na 2 baada. Kichwa kikigeuka ghafla, wastani huo huutelezesha uso pembeni. Hapo shukeni hadi fremu 3. Wastani usivuke mkato wa shoti. Rangi ikipepesa, hilo tatizo jingine kabisa.