Kupima FOV na umbali wa skrini tatu kwenye simuleta ya gari

Skrini tatu zikipangwa kwa kukisia, kona huonekana mbali kuliko ilivyo na gari la pembeni hupinda kama mpira likivuka ukingo wa skrini. Hapa tunapima pembe ya kuona, ile inayoandikwa FOV kwenye mipangilio ya gemu, kwa tepu na kikokotoo cha simu. Mfano wetu ni skrini tatu bapa za inchi 32, umbo la 16:9.

Hatua ya 1: Funga kiti kwanza, ndipo upime jicho

Hesabu yote inaanzia kwenye jicho, na jicho linafuata kiti. Kwa hiyo rekebisha kiti, pedali na usukani mpaka vikae unavyotaka, kisha kaza bolti. Ukisogeza kiti sentimita tano baadaye, vipimo vyote vinaanza upya.

Keti kama unavyoendesha, mikono kwenye usukani, mgongo umegusa kiti. Mwenzako apime kutoka pembe ya nje ya jicho lako hadi kwenye kioo cha skrini ya kati, tepu ikiwa imelala sawa na sakafu. Asipime hadi kwenye fremu wala kuanzia kwenye paji la uso. Kimo cha jicho nacho kinahesabiwa: kiwe usawa wa katikati ya skrini au karibu na hapo, kwa sababu gemu nyingi huchora picha zikidhani jicho liko mbele ya kitovu cha skrini.

Skrini ikae karibu kadiri mota ya usukani inavyoruhusu. Inyanyue ili ukingo wake wa chini upite juu ya mota, uisogeze kuelekea kwako mpaka usukani uanze kuzuia. Tuseme tumepata sentimita 70.

Umbali huu una uzito kuliko ukubwa wa skrini. Skrini zilezile zikiwekwa sentimita 90, jumla ya unachokiona inashuka kutoka nyuzi 161 hadi kama 129. Nyuzi 32 zimepotea, na zote ni za pembeni, pale gari linalokupita linapoanza kuonekana.

Hatua ya 2: Pima kioo chenyewe

Usiamini namba ya kwenye boksi. Skrini nyingi zinazouzwa kama inchi 32 zina inchi 31.5, na inchi hizo ni za mshazari. Pima sehemu inayotoa picha tu, upana na kimo, kisha pima ukingo mweusi wa pembeni, pamoja na ule mstari mweusi ulio chini ya kioo usiotoa picha. Watu wengi huusahau huo mstari.

Mfano wetu: upana wa picha sm 69.7, kimo sm 39.2, ukingo sm 0.9 kila upande. Upana pamoja na kingo mbili ni sm 71.5.

Hatua ya 3: Hesabu

Kanuni ni moja. W ni upana au kimo, D ni umbali wa jicho.

```
FOV = 2 * atan( W / (2 * D) )
```

Weka kikokotoo kwenye nyuzi (`DEG`). Ukipata jibu kama 0.92 ujue kiko kwenye `RAD`.

```
Mlalo, skrini moja:  2 * atan(69.7 / 140) = 52.9
Wima:                2 * atan(39.2 / 140) = 31.3
Pamoja na kingo:     2 * atan(71.5 / 140) = 54.1
```

Jibu la tatu ndilo pembe ya kukunja skrini za pembeni. Ukizikunja nyuzi 54, kitovu cha kila skrini kinakuwa sm 70 kutoka kwenye jicho, na zote tatu zinakutazama uso kwa uso. Jumla ya FOV ni mara mbili ya 54.1 ukijumlisha 52.9, yaani nyuzi 161.

Hatua ya 4: Kunja skrini kwa kutumia tepu

Kupima nyuzi 54 nyuma ya stendi ni kazi ngumu, na kipimapembe kidogo hudanganya kwa urahisi. Njia ya uhakika ni kupima nafasi iliyo wazi kati ya ukingo wa nje wa skrini ya kushoto na ule wa skrini ya kulia, kwa mstari ulionyooka. P ni upana pamoja na kingo:

```
Nafasi = P * (1 + 2 * cos(pembe))
71.5 * (1 + 2 * cos(54)) = 155.6
```

Fremu za skrini zikiwa zimegusana kwa mbele, vuta au sukuma zote mbili sawasawa mpaka tepu isome sm 155.6. Kwa vipimo hivi, kila sentimita mbili ni karibu nyuzi moja, kwa hiyo kosa la nusu sentimita halina madhara. Kisha pima kutoka kwenye jicho hadi kitovu cha skrini ya kushoto na ya kulia. Zote zisome 70. Zikitofautiana, ama kiti hakiko katikati ama upande mmoja umekunjwa zaidi. Malizia kwa pima maji juu ya kila skrini.

Hatua ya 5: Ingiza namba kwenye gemu

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Gemu moja inataka FOV ya wima, nyingine ya mlalo, nyingine haitaki FOV kabisa bali vipimo vyako. iRacing huuliza upana, ukingo, umbali na pembe, kisha inahesabu yenyewe. Hakikisha umewasha `Render scene using 3 projections`. Assetto Corsa hutumia FOV ya wima, kwa hiyo ni 31.3. Ukiijaza 161 umepoteza jioni nzima.

Lazima gemu ichore picha tatu, kila skrini na picha yake. Ikichora picha moja pana na kuitandaza, skrini za pembeni zitavutika na hakuna FOV itakayozitibu.

Namba sahihi huonekana ndogo mno mwanzoni, na kishawishi cha kuipandisha ni kikubwa. Ukiweka wima 45 badala ya 31.3, vitu vinapungua hadi kama asilimia 68 ya ukubwa wake, na gari lililo mita 20 mbele linaonekana kama liko karibu mita 30. Utachelewa kufunga breki. Vumilia 31.3 kwa siku kadhaa.

Hatua ya 6: Kagua

Simamisha gari kwenye njia ya pit, sambamba na ukuta mrefu. Fuata kwa macho ukingo wa juu wa ukuta unapovuka kutoka skrini ya kati kwenda ya pembeni.

Mstari ukivunjika pembe, kana kwamba ukuta umekunjwa pale kwenye fremu, pembe uliyoingiza si ile uliyokunja. Rudia tepu ya hatua ya 4. Ukiwa umenyooka ila umeruka juu au chini kidogo, angalia kwanza kama skrini zina kimo sawa, kisha kipimo cha ukingo. Ukipinda upande mmoja tu, kichwa hakiko katikati. Fanya ukaguzi huu umeketi kama unavyoendesha, kwa sababu ukisimama au ukiinama pembeni mstari utavunjika hata kama vipimo vyote ni sahihi.