Kabla ya kugawanya, badilisha mistari

Ukiandika programu ya LU, yaani ya kutatua milinganyo kwa kuondoa kigeu kimoja kimoja, usiridhike kwamba namba iliyo kwenye ulalo si sifuri. Ikiwa ndogo mno, jibu linaharibika vilevile:

```
1e-20 x + y = 1
      x + y = 2
```

Hapa x na y zote ni karibu 1. Ukiondoa x kwa mstari wa kwanza, kizidishi ni 1e20, na wa pili unakuwa (1 − 1e20)y = 2 − 1e20. Kompyuta hutunza tarakimu kama 16 tu, hivyo ile 1 na ile 2 zinamezwa. Unapata y = 1, kisha x = 0!

Kwa hiyo kila hatua tafuta, kuanzia ulalo kwenda chini, namba kubwa kuliko zote bila kujali alama, upandishe mstari wake, na upande wa kulia uhame nao. Hapo hakuna kizidishi kinachopita 1. Hapa kinakuwa 1e-20 na x inatoka 1.

Angalia pia mizani. Ukizidisha mstari wa kwanza kwa 1e21, 10 ndiyo itakayochaguliwa na x inarudi kuwa 0. Gawanya kwanza kila mstari kwa namba yake kubwa zaidi iliyo mbele ya x au y, bila kujali alama.