Kabla ya kutoa arubuni: maswali kuhusu mabomba ya bafu kwa anayenunua nyumba Mombasa

Mfereji mbovu hubadilishwa kwa dakika chache. Bomba linalovuja nyuma ya vigae ni shughuli nyingine kabisa, maana ni kubomoa ukuta, na vigae vya aina ile huenda havipatikani tena madukani. Kwa hivyo maswali yangu yote yanalenga mabomba yaliyozikwa. Mimi ni fundi wa mabomba, na ningependa uyaulize kabla pesa haijatoka mfukoni mwako.

Hatua ya kwanza: uliza maji gani yamepita humu.
Muulize mwenye nyumba, si dalali: "Bafuni mnatumia maji matamu au ya kisima, na tangu lini?" Maji ya kaunti, yanayotoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, huja kwa mgao, kwa hivyo nyumba nyingi zina kisima pia. Visima vingi vya Nyali na Bamburi, kwa mfano, vina chumvi. Chumvi hula bomba la chuma, na huanzia kwenye maungio yaliyokatwa nyuzi, ambapo chuma ni chembamba. Omba ufike asubuhi kabla mtu hajaoga, ufungue mfereji wa beseni, ukinge maji ya kwanza kwenye gilasi nyeupe. Yakitoka ya rangi ya chai kisha yakasafika, shuku kutu ndani ya mabomba ya nyumba.

Hatua ya pili: uliza mabomba ya ukutani ni ya nini.
Muuzaji atakwambia, "Yote yalibadilishwa, ni plastiki." Huenda anasema kweli kuhusu yale anayoyaona. Mara nyingi hubadilishwa yaliyo nje, ya ukutani yakaachwa. Chutama chini ya beseni, vuta kile kisahani cha kromu kinachoziba tundu la ukutani, umulike kwa tochi ya simu. Plastiki ya kuunganishwa kwa moto huwa kijani au nyeupe. Ukiona chuma, gusisha sumaku. Ikinasa, huenda bomba lenyewe ni la chuma, lakini pia huenda ni kipande kifupi tu cha kuungia. Angalia kwenye shawa, kwenye choo na pale mabomba yanaposhuka kutoka kwenye tangi, ndipo uamue.

Hatua ya tatu: uliza kama unaweza kulijaribu tangi usiku.
Hili ndilo swali ninaloliamini zaidi. Kusoma mita hakusaidii siku ambayo maji ya mgao hayaji, lakini tangi la juu lina maji wakati wote. Funga valvu inayoingiza maji tangini, uzime pampu, uhakikishe hakuna atakayetumia maji, kisha pima kina kwa kijiti kirefu. Asubuhi pima tena.

Nyumba moja ya Bamburi ilikuwa na tangi la kipenyo cha mita 1.1. Kwa tangi hilo, kila sentimita inayoshuka ni takriban lita 9.5. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi maji yalishuka sentimita 4, yaani lita 38 hivi. Usiku uliofuata tulifunga valvu ndogo za vyoo, yakashuka sentimita 3. Kwa hivyo choo kilipoteza sentimita 1, na dawa yake ni raba mpya tu. Zile 3 zilibaki fumbo mpaka tulipofunga valvu ya bafu la chumba kikubwa, na maji hayakushuka tena. Upande wa pili wa ukuta ule palikuwa na kabati la nguo. Tulipolisogeza, rangi ilikuwa imevimba usawa wa goti, na ukiibonyeza inaingia ndani.

Unga mweupe ukutani peke yake usikutishe. Pwani, chumvi ya mchanga na matofali hutoa unga huo hata pasipo bomba. Linganisha na ukuta ulio mbali na bafu. Kama ni ghorofa, bisha hodi kwa jirani wa chini umwombe aangalie dari yake.

Hatua ya nne: uliza maji machafu yanaenda wapi.
Kama ni tangi la maji taka, uliza kifuniko kiko wapi na gari la kunyonya lilikuja lini. Vuta choo huku ukimwaga ndoo ya lita 20 sakafuni pa shawa. Tundu la sakafu likigugumia au maji yakirudi juu, njia imeziba au tangi limejaa.

Ukipata uvujaji, usikubali ahadi ya mdomo. Mwambie wakili aandike kwenye makubaliano ya mauzo ni ukuta upi utakaobomolewa, mabomba gani yatakayowekwa, na kwamba jaribio la tangi litarudiwa mbele yako kabla hujamaliza malipo.