Simama, kisha lala: namna ya kujipima korodani
Baada ya kuoga maji ya moto, ukiwa umesimama, viringisha kila korodani taratibu kati ya kidole gumba na vidole vingine. Dereva mmoja wa bodaboda hapa Kampala aligusa juu ya korodani ya kushoto kitu kama minyoo iliyojikunja, nacho kikanywea alipolala chali. Hiyo ni dalili ya varikoseli, yaani vena zilizovimba, ambayo si dharura, ingawa korodani ikianza kusinyaa ni lazima daktari aipime. Uvimbe usionywea, au ulio kulia pekee, unahitaji altrasaundi mapema, vivyo hivyo donge gumu ndani ya korodani yenyewe, hata lisipouma. Maumivu makali ya ghafla huenda yakamaanisha korodani imejisokota na kukosa damu: fika hospitali ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, hata usiku wa manane.