Kabla hujapeleka galoni ya mkojo maabara

Shangazi yangu wa Arua aliharisha miaka minne. Alipewa dawa za ameba, kisha za taifodi, kisha za ameba tena. Uso ulipoanza kumwaka moto aliambiwa ni umri, hedhi inakoma. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja hadi mwezi wa Ramadhani, aliponiambia, "Mwanangu, mimi nimefunga lakini tumbo halifungi." Maneno hayo ndiyo tuliyompelekea daktari. Kuharisha kunakoletwa na chakula hutulia mtu asipokula. Kwake yeye maji yalitoka mchana wa saumu, na usiku yalimwamsha usingizini. Chanzo cha yote mawili, kuharisha na moto wa uso, kilikuwa uvimbe wa utumbo unaomwaga kemikali.

Kwa hiyo, kabla ya kipimo chochote, andika daftari la wiki mbili: saa uliyoharisha, na kama ulikuwa umekula, saa moto ulipopanda usoni, shingoni na kifuani, ulidumu dakika ngapi, na kama ulitoka jasho. Moto wa kukoma hedhi kwa kawaida huja na jasho; moto wa uvimbe huu mara nyingi ni mkavu, na pombe au hasira huweza kuuamsha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi usingoje mtu auone. Andika unachokihisi.

Uvimbe wenyewe unaitwa wa neuroendokrini, na huu wa shangazi, ulioota kwenye utumbo mwembamba, jina lake la zamani ni kasinoidi. Daktari Mjerumani Siegfried Oberndorfer ndiye aliyelitoa mwaka 1907, akimaanisha kitu kinachofanana na saratani tu. Mwaka 1929 yeye mwenyewe alikiri kwamba unaweza kuwa saratani kamili. Jina limebaki, na linaendelea kuwatuliza watu wasiopaswa kutulia.

Uvimbe huu humwaga serotonini, kemikali ambayo mwili hutumia kupeleka ujumbe. Damu ya utumbo hupita kwanza kwenye ini, na ini huivunja serotonini hiyo kabla haijafika mwilini. Ndiyo maana uvimbe unaweza kukaa miaka kimya. Mara nyingi moto na kuharisha huanza uvimbe ukishapanda mbegu ndani ya ini lenyewe na kumwaga moja kwa moja kwenye damu iendayo moyoni. Kwa hiyo dalili "ndogo" zinaweza kuwa habari ya ugonjwa uliokwisha kusafiri, hata kama unakua polepole.

Kipimo kimoja ni mkojo wa saa 24, unaotafuta 5-HIAA, mabaki ya serotonini. Hapa sisi wa Uganda tuna mtego wetu: matooke. Ndizi za kila aina, pamoja na gonja, zina serotonini yake na hupandisha jibu. Vivyo hivyo nanasi, parachichi, nyanya na biringanya. Viache siku tatu kabla na siku yote ya kukusanya. Kula posho, wali, maharage yasiyotiwa nyanya. Dawa pia huvuruga, ikiwemo panadol, baadhi ya dawa za kikohozi na za huzuni, lakini usiache dawa uliyoandikiwa bila kumuuliza daktari.

Siku yenyewe, mkojo wa kwanza wa asubuhi, tuseme saa moja, unamwagwa. Kuanzia hapo kusanya wote, hadi ule wa saa moja kesho yake. Mara nyingi galoni hupewa ikiwa na asidi ndani: usiimwage, kojolea kwenye kikombe kwanza kisha umimine taratibu. Iweke penye ubaridi, mbali na jua.

Mara ya kwanza shangazi alikula matooke usiku wa kuamkia siku ile, kisha akasahau mikojo miwili ya usiku. Jibu lilikuwa miligramu 19, ilhali kawaida ni chini ya 10 hivi. Lakini matooke huongeza na mikojo iliyopotea hupunguza, kwa hiyo namba ile haikumsaidia mtu. Alirudia vizuri, ikawa 38. Picha ya ini ikaonyesha madoa.

Jambo moja nawasihi mliombe hata kama hamkuambiwa: ultrasaundi ya moyo. Serotonini inayotoka kwenye ini hukakamaza vali za upande wa kulia. Upande wa kushoto huponea zaidi, kwa kuwa mapafu huivunja njiani. Wengine huumizwa na moyo huo kuliko uvimbe wenyewe. Miguu ikivimba jioni au mishipa ya shingo ikisimama, sema mapema.

Na kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino kwa dawa ya usingizi, mwambie mtoa usingizi ugonjwa wako kwa jina. Usingizi au kuguswa kwa uvimbe kunaweza kuumwagisha kemikali kwa wingi ghafla, presha ikaanguka mezani. Okitreotidi, dawa ya kuuzuia uvimbe usimwage kemikali hizo, huandaliwa kabla, si presha ikishaanguka. Shangazi ameandika maneno hayo kwenye karatasi, ipo ndani ya kitambulisho chake.